'Ha' Iliyopotea Kikaoni

Kikao kimekwisha, viti vya plastiki vinapangwa, na katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa anaondoka na faili moja kwenye simu: saa moja na dakika ishirini za sauti. Usiku anaipitisha kwenye programu ya kugeuza usemi kuwa maandishi. Kurasa zinajaa zenyewe. Kwenye ajenda ya nne panasomeka: "Kuanzia mwezi wa saba tutatoa mkopo kwa mwanachama ambaye hajamaliza kurejesha."

Kikaoni mwenyekiti alisema "hatutatoa".

Kikao hiki ni cha mfano, lakini kosa lenyewe ni la kweli, na ndilo la kuogopwa kuliko yote katika kazi hii. Sentensi ile ina maneno 11. Mashine imepatia 10 na kukosea moja tu. Wataalamu hupima programu hizi kwa kuhesabu maneno yaliyobadilishwa, yaliyodondoshwa na yaliyoongezwa, kisha kuyagawanya kwa idadi ya maneno yaliyosemwa kweli. Kwa kipimo hicho kosa ni 1 kwa 11, yaani asilimia 9, na mtu akiambiwa programu yake inapatia asilimia 91 ataona amepata chombo kizuri. Hata hivyo uamuzi wa kikundi umegeuzwa juu chini.

Kiswahili kina udhaifu wake hapa, na unatokana na uzuri wake. Kitenzi chetu hubeba mzigo mkubwa katika neno moja: nani anatenda, lini, kwa nani, na kama anatenda au hatendi. "Hatutawalipa" ni neno moja lenye habari za sentensi nzima. Ukanushi umekaa kwenye silabi ya kwanza, nayo imeanza na "h", sauti ambayo ni pumzi tu, haina mlio wa koo wala mpasuko wa midomo. Msemaji akianza sentensi kwa haraka, au feni ikivuma juu ya meza, pumzi ile humezwa. Kinachobaki ni "tutawalipa", neno sahihi kabisa la Kiswahili. Programu haina sababu ya kulitilia shaka, na hata kikagua tahajia hakitalipigia mstari mwekundu.

Kwa hiyo anayetaka muhtasari wa kuaminika kutoka kwenye simu yake ana kazi tatu zinazoshikana: kurekodi kwa namna ambayo "ha" itasikika, kuipa mashine nafasi ya kuandika vizuri, na kurudi kusikiliza kwa kasi ili kukagua kilichoandikwa.

Kazi ya kwanza ndiyo inayopuuzwa zaidi. Watu wengi huweka simu mbele ya mwenyekiti na kuamini kwamba chumba kizima kimesikika. Masikio ya binadamu hudanganya hapa, kwa sababu ubongo huchuja kelele na kumfuata msemaji aliye mbali. Maiki haina ubongo. Kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti inayoifikia moja kwa moja hupungua kwa desibeli 6. Mwenyekiti yuko nusu mita kutoka kwenye simu. Mjumbe wa kona ya nyuma yuko mita nne. Kutoka nusu mita hadi mita moja ni maradufu ya kwanza, hadi mbili ni ya pili, hadi nne ni ya tatu. Mjumbe yule amepoteza desibeli 18, maana yake nguvu ya sauti yake inayofika kwenye maiki ni kama sehemu moja kati ya 64 ya ile ya mwenyekiti, hata kama wote wawili wanazungumza kwa sauti ileile. Feni haikupungua. Simu ikijitahidi kuikuza sauti ya mjumbe, huikuza na feni pamoja nayo. Ukumbini kuna tatizo jingine la mwangwi wa kuta tupu na sakafu ya saruji, unaofanya silabi moja iikalie inayofuata.

Dawa yake haihitaji fedha. Simu isiwekwe juu ya mbao tupu, kwa sababu kila kikombe kinachotuliwa mezani husikika kama ngoma. Kanga au kitenge kilichokunjwa mara nne chini yake hutosha. Iwe mbali na feni na dirisha la barabarani. Kama wajumbe ni wengi, simu itembee: anayezungumza aishike, umbali wa shubiri moja au mbili kutoka mdomoni, kisha ampe mwenzake. Na mvua ikianza kupiga bati, kikao kisimame kwa muda au katibu arudi kwenye kalamu. Hakuna programu itakayookoa sauti iliyofunikwa na mvua ya bati.

Kuna jambo moja la simu zenyewe ambalo huwaliza makatibu. Programu nyingi za kurekodi huhifadhi sauti kwa mtindo wa faili za m4a, na faili hizo huandika jedwali lake la ndani, linaloonyesha kila kipande kiko wapi, mwishoni kabisa, pale unapobonyeza kitufe cha kusimamisha. Betri ikikata dakika ya 79, jedwali halikuandikwa, na sauti yote iliyomo inaweza isifunguke. Ndiyo maana ni busara kusimamisha na kuanza faili mpya kila ajenda inapokwisha. Ikipotea moja, zimebaki nyingine. Simu iwekwe kwenye hali ya ndege ili asiingie mpigaji katikati, na zirekodiwe sekunde 20 za majaribio na kusikilizwa kabla ya dua ya kufungua kikao. Nafasi si tatizo kubwa: kwa ubora wa kawaida wa kilobiti 64 kwa sekunde, saa nzima ni takriban megabaiti 29.

Halafu kuna msaada unaotoka kwa mwenyekiti mwenyewe. Vikao vyetu vina desturi ya kumtaja mtu kabla hajasema: "Mama Asha, karibu." Mwenyekiti akishikilia desturi hiyo, anaifanyia mashine kazi ngumu bure, kwa maana kumtambua msemaji kwa sauti tu ni jambo ambalo programu nyingi hukosea watu wanapodakizana. Desturi ya pili ina thamani zaidi. Kabla ya kwenda ajenda inayofuata, mwenyekiti arudie azimio polepole: "Kikao kimeazimia kwamba hatutatoa mkopo, narudia, hatutatoa, kwa mwanachama ambaye hajamaliza." Sasa "ha" imesikika mara tatu. Mashine ikiikosa mara moja, nyingine zitaisuta, na katibu ataona maandishi yanapingana.

Sasa kazi ya pili. Kiswahili kiliingia kwenye huduma ya Google ya kuandika kwa kuongea mwezi Agosti 2017, na mpaka leo kwenye simu nyingi za Android mtu anaweza kugusa alama ya maiki kwenye kibodi na kuchagua Kiswahili cha Kenya au cha Tanzania. Chombo hicho ni kizuri kwa mtu mmoja anayeongea karibu na simu yake, mathalani katibu anayetamka dondoo zake njiani kurudi nyumbani. Hakikukusudiwa kikao cha watu 20, na mara nyingi ukimya mrefu unapotokea hujizima.

Kwa faili lililokwisha kurekodiwa, chombo kinachotumiwa sana ni Whisper, kilichotolewa na kampuni ya OpenAI Septemba 2022 na kuruhusiwa kwa yeyote kukipakua. Kilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti kutoka kwenye intaneti, ila sehemu kubwa ilikuwa Kiingereza na Kiswahili kilipata tone tu. Ndiyo sababu ubora wake kwa Kiswahili uko nyuma ya Kiingereza, na ndiyo sababu pia modeli zake ndogo hazifai kwa kazi yetu. Atumie modeli kubwa, hata ikibidi kuiacha kompyuta ifanye kazi usiku kucha. Amri yenyewe ni fupi:

```
whisper kikao.m4a --language sw --model large --initial_prompt "Kikao cha kikoba. Hisa, marejesho, riba, faini, dhamana."
```

Neno muhimu hapo ni `sw`. Bila kuambiwa lugha, Whisper husikiliza sekunde 30 za mwanzo na kuamua yenyewe. Kikao kikianza kwa salamu za Kiingereza, au mhadhiri akifungua somo kwa "good morning, class" kabla ya kuhamia Kiswahili, mashine huamini kwamba somo zima ni la Kiingereza na kuanza kulazimisha maneno. Yale maneno ya msamiati mwishoni mwa amri huionyesha tahajia inayotarajiwa, ingawa nguvu yake ni zaidi mwanzoni mwa faili kuliko mwishoni.

Makosa yake yana tabia, na katibu akizifahamu huyaona haraka. Palipo na ukimya, watu wakihesabu fedha kwa mfano, programu inaweza kuandika sentensi ambayo hakuna aliyeisema, au kurudia sentensi moja mara nne mfululizo. Watafiti nchini Marekani waliripoti mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 1 ya vipande vya sauti ya Kiingereza walivyovijaribu vilitoa maneno ya kubuni namna hii. Kwa hiyo marudio yoyote ya ajabu ni alama ya kusimama na kusikiliza.

Fedha na saa zinahitaji jicho la pekee. Msemaji anasema "elfu hamsini na tano". Je, ni 55,000 au 50,005? Wajumbe wanajua, kwa sababu wanajua kiwango cha hisa zao. Mashine haijui, na ikiandika tarakimu itachagua mojawapo bila kuuliza. Anayetaka kuondoa utata huo kikaoni na aseme "hamsini na tano elfu". Saa nazo ni hivyohivyo: "tukutane saa nne asubuhi" inaweza kuandikwa 4:00, na msomaji aliye mbali, aliyezoea saa za Kizungu, akafika alfajiri. Katibu aandike "saa 4 asubuhi" na asiiachie mashine nukta mbili zake.

Mpaka hapa katibu ana sauti na ana maandishi. Kilichobaki ni kuvikutanisha, na hapa ndipo kusikiliza kwa kasi kunapoonyesha faida yake.

Watu wengi walikutana na kasi hiyo mwaka 2021, WhatsApp ilipoweka kitufe cha 1.5x na 2x kwenye ujumbe wa sauti. Enzi za kaseti, ukanda ukizungushwa haraka sauti ilipanda: ukiongeza kasi maradufu, sauti ya babu inakuwa ya mtoto, kwa sababu kila wimbi limebanwa. Simu ya leo haifanyi hivyo. Inaikata sauti katika vipande vifupi vya sehemu ndogo za sekunde na kutafuta panapojirudia. Mtu mzima wa kiume anapotamka "aaa", koo lake hupiga mapigo kama 100 au zaidi kidogo kwa sekunde, na mapigo hayo yanafanana kama shanga za rangi moja. Programu inatoa shanga kadhaa na kuunganisha zilizobaki kwa kuzipishanisha kidogo ili mshono usisikike. Shanga ni chache zaidi lakini kila moja ina ukubwa wake uleule, kwa hiyo sauti inabaki ya babu.

Irabu huvumilia upunguzaji huo kwa sababu ni ndefu na zinajirudia. Konsonanti hazina cha kupunguzwa. Mpasuko wa "t" au "k" ni wa muda mfupi mno, na pumzi ya "h" haina mapigo yanayojirudia. Zikibanwa maradufu, kinachobaki ni kidogo sana. Kumbe silabi ileile iliyoponyoka kwenye maiki na kwenye mashine ndiyo ya kwanza kuponyoka pia kwenye 2x.

Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwaonyesha wanafunzi video za mihadhara kwa kasi ya kawaida, mara moja na nusu, mara mbili, na mara mbili na nusu, kisha wakawapa mtihani. Alama hazikushuka sana mpaka kasi ya mara mbili. Zilishuka walipovuka hapo. Ni habari njema, ila ichukuliwe kwa kipimo chake. Mihadhara ile ilirekodiwa vizuri, na mtihani ulipima kama wameelewa somo. Kuelewa somo na kukagua neno ni kazi mbili tofauti. Msikilizaji wa 2x hushika mada, na mara nyingi hujazia mwenyewe silabi ambayo hakuisikia.

Kwa hiyo katibu wetu asitumie kasi moja kwa kikao kizima. Maandishi yawe wazi kwenye kioo, sauti iende, na macho yafuate. Kusoma na kusikia kwa pamoja humwezesha kwenda kasi zaidi kuliko kusikia peke yake. Kwenye utangulizi, taarifa ya mweka hazina ambayo nakala yake anayo mkononi, na mjadala wa kuzungukazunguka, aende kwa 2x. Kwenye mjadala unaoelekea uamuzi ashuke 1.5x. Akifika penye azimio, jina la mtu, kiasi cha fedha au tarehe, arudi kasi ya kawaida na asikilize mara mbili, kwa hedifoni. Whisper huandika dakika na sekunde za kila kipande, hivyo kupafikia si kazi.

Hesabu ya kikao chetu cha dakika 80 inakuwa hivi. Dakika 50 za mambo mepesi kwa 2x ni 25. Dakika 18 za mjadala kwa 1.5x ni 12. Dakika 12 za maazimio, zikisikilizwa mara mbili kwa kasi ya kawaida, ni 24. Jumla ni dakika 61. Kuandika neno kwa neno kwa mkono, waliozoea kazi hukadiria saa nne kwa kila saa moja ya sauti, na hapo ingekuwa zaidi ya saa tano.

Kuna ujanja mmoja unaookoa muda zaidi. Kabla ya kusikiliza chochote, katibu atafute kwenye maandishi vitenzi vyote vya uamuzi vinavyoanza na "tuta", "tume", "tuli", "wata", "wali", na ajiulize kila kimoja: je, kingeweza kuwa na "ha" mbele, au "hatuja" mahali pa "tume"? Penye shaka aweke alama, kisha aende moja kwa moja kwenye dakika hiyo. Ni kazi ya nusu saa au pungufu, na ndipo makosa makubwa yanapojificha.

Mwanafunzi wa chuo anafuata njia hiyohiyo, akiwa na pengo moja la ziada: simu haioni ubao. Mhadhiri anaposema "ukiigawanya hii kwa hii unapata hii", maandishi yatakuwa sahihi neno kwa neno na hayatamsaidia mtu. Atazame saa ya kinasa sauti na aandike daftarini "dak. 23, mchoro wa pili", kisha auchore. Baadaye daftari na sauti vitafungana kwenye dakika hiyo. Na aombe ruhusa kwa mhadhiri kabla ya kuanza.

Ruhusa ni suala la kikao pia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina ya kwake ya mwaka 2019, na sauti ya mtu anayetajwa jina akieleza deni lake ni taarifa binafsi. Mwenyekiti atangaze mwanzoni kwamba kikao kinarekodiwa na kwa ajili gani, na tangazo hilo liwe ndani ya faili. Mjumbe akiomba simu izimwe kwa sababu anataka kueleza msiba au ugonjwa, izimwe. Katibu ajue pia kwamba programu nyingi za bure kwenye intaneti hupeleka sauti kwenye kompyuta za mbali, wakati Whisper iliyopakuliwa hufanya kazi hapohapo kwenye kompyuta yake.

Muda wa kufuta sauti umo tayari kwenye utaratibu wa vikao vyetu. Kikao kinachofuata huanza kwa kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Katibu asome azimio la ajenda ya nne kwa sauti, wajumbe waseme kama ndivyo walivyoamua, na mwenyekiti aweke sahihi. Mpaka sahihi hiyo iwekwe, faili libaki kwenye simu, na nakala yake ibaki mahali pengine.